Makaratasi ya Hanslope, na daftari la godauni ambalo "halikuwepo"

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado karani kwa wakili mmoja hapa Nairobi, tulikuwa na kesi ya mzee aliyefanya kazi ya kupakia mizigo kwenye godauni Industrial Area kwa miaka tisa. Alikuwa anadai ovataimu. Yeye mwenyewe hakutuletea karatasi hata moja, alikuja na kumbukumbu tu, anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa mbili usiku, na kwenye geti kuna daftari la kuandikisha jina na saa, kubwa, jalada la kijani, limefungwa kwa kamba na kalamu imening'inia hapo. Hilo daftari ndilo lilikuwa kesi yake yote. Tukawaandikia mawakili wa mwajiri watupe nakala, jibu likarudi mstari mmoja, ati mteja wao hana daftari la namna hiyo.

Nilikasirika sana, nikamwambia wakili wangu sasa tumekwisha, tutathibitisha nini kama kitu hakipo. Akaniangalia hivi, akanijibu, "Wamesema hawana. Hawajasema halikuwepo. Kasome kesi ya wazee wa Mau Mau halafu urudi."

Nilidhani ananitania. Kesi ya Mau Mau niliijua kama kila mtu anavyoijua, wazee walienda London wakashinda wakalipwa. Sikujua kwamba kesi ile, ukiichimba, mzizi wake ni makaratasi, upande mmoja unaulizwa "mnayo?" na jibu linachelewa kuja miaka na miaka. Nilikaa nayo wikendi nzima na mpaka leo naikumbuka kila mtu anaponiambia hana karatasi fulani.

Kwanza nieleze hii shughuli yenyewe, manake watu wengi wanadhani ushahidi ni kitu unachomshtukizia mwenzako siku ya kesi kama kwenye sinema, wakili anatoa bahasha, watu wanaguna. Haiko hivyo. Kabla kesi haijasikizwa kila upande unatakiwa umwonyeshe mwenzake makaratasi yake. Hapa Kenya, tangu zile kanuni za kesi za madai za 2010, ukipeleka kesi unaambatanisha orodha ya mashahidi, maelezo yao, na nakala za hati utakazozitegemea, na anayejibu naye hivyo hivyo. Lakini hapo kuna mtego ambao sisi makarani tunaujua, hizo ni hati *unazozitegemea*, yaani zinazokusaidia. Zile zinazokuumiza hakuna anayezibeba kwa hiari yake. Ukizitaka inabidi uziombe kwa jina, na ukinyimwa umwombe jaji atoe amri.

Uingereza kanuni ni kali zaidi. Tangu 1999 wana sehemu ya kanuni zao, wanaiita Sehemu ya 31, na korti ikishaamuru ule utaratibu wa kawaida inakubidi uorodheshe hati za aina mbili, zinazokusaidia na zinazokuumiza. Eeh, zinazokuumiza wewe mwenyewe, na zinazomsaidia adui yako. Unatakiwa kuzitafuta, utafutaji wa maana si wa kufungua droo moja na kufunga, halafu unaandika orodha na chini yake unaweka sahihi kwamba nimetafuta, nimetafuta hapa na pale, na hiki ndicho nilichokuta. Ile sahihi ndiyo yenye meno. Ukiandika uongo pale huku unajua ni uongo, unaweza kushtakiwa kwa kudharau korti, na huko watu hufungwa.

Sasa twende kwa wazee.

Mwezi wa sita 2009 Wakenya watano, wazee wa kiume na wa kike, walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Walikuwa wanasema waliteswa kwenye kambi za kizuizini wakati wa ile hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mambo waliyofanyiwa sitayaeleza yote hapa, wapo waliohasiwa, yupo mama aliyedhulumiwa kwa namna ambayo hata kuiandika ni shida, na yupo mzee aliyekuwa kambi ya Hola ile siku ya tarehe 3 Machi 1959, siku wafungwa kumi na moja walipigwa mpaka wakafa na serikali ikatoa taarifa ya kwanza ati wamekufa baada ya kunywa maji. Yeye alizimia, akatupwa pamoja na maiti.

Wizara haikuanza kwa kusema hayakutokea. Ilikuwa na kinga mbili. Ya kwanza, haya madeni kama yapo yalirithiwa na serikali ya Kenya siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, kwa hiyo nendeni Nairobi. Ya pili, muda umepita, ni miaka hamsini, mashahidi wamekufa, magavana wamekufa, hakuna tena namna ya kusikiliza kesi hii kwa haki. Hii ya pili iweke akilini tafadhali, ndiyo itakayorudi kuwauma.

Wazee walikuwa na wanahistoria upande wao, mmoja akiwa David Anderson, ambaye alikuwa ameshaandika kuhusu watu walionyongwa kipindi kile. Wanahistoria hawa walikuwa wamekaa miaka mingi kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew na pia kwenye Nyaraka za Kenya hapa mjini, na walikuwa na lalamiko moja la zamani, kuna mashimo. Unakuta faili namba hii na namba ile, ya katikati haipo. Unakuta barua inasema "angalia barua yangu ya tarehe fulani", ukiitafuta hiyo barua hakuna. Mtu ambaye hajawahi kushika mafaili anaona hilo ni jambo dogo, lakini aliyefanya kazi masijala anajua kwamba faili halitembei peke yake. Kila faili lina namba, namba iko kwenye rejista, likiazimwa kuna anayetia sahihi, likisafirishwa kuna barua ya kulisindikiza. Ukitaka kujua kama mtu ameficha faili, usilitafute faili, tafuta karatasi zinazolitaja.

Na ndivyo Anderson alivyofanya. Kulikuwa na barua za baada ya uhuru, kuanzia 1967, ambapo serikali ya Kenya iliomba irudishiwe makaratasi yaliyobebwa na wakoloni walipoondoka, na Waingereza wakakataa. Hebu fikiria hapo kidogo. Mtu akikuomba umrudishie sufuria yake na wewe ukamjibu sitarudisha, huwezi baadaye kusema sufuria siijui. Kukataa kwenyewe ni ushahidi kwamba unayo. Mwezi wa kumi na mbili 2010 Anderson akatoa maelezo yake ya kiapo kwenye kesi, akataja mambo kwa vipimo, mafaili kama 1,500, masanduku kama 300, yakipangwa kwenye rafu yanachukua futi 100. Hakusema "nadhani wanaficha kitu." Alisema kitu hiki, kikubwa namna hii, kiliondoka Nairobi kwa njia hii, mkiangalie mlikokiweka.

Tofauti ya maombi hayo mawili ndiyo somo nililopewa na wakili wangu. Ukimwandikia mtu "tupe hati zote zinazohusu jambo hili" amepata pa kupumulia, atakujibu ameshatoa zote, na jaji hatakuwa na cha kumshika. Kule wana ombi jingine, la kudai hati mahsusi, na pale inabidi uoneshe kwa nini unaamini hati ipo na iko kwa nani. Jaji hapendi mtu anayevua samaki kwa nyavu ya kila kitu. Anampenda anayekuja na kusema samaki yuko ndani ya ndoo ile, na huu hapa mkia wake unaonekana.

Januari 2011 wizara ikakubali kwamba imeyapata. Yalikuwa Hanslope Park, jumba la kifahari la zamani huko Buckinghamshire kaskazini mwa London, eneo la serikali lenye ulinzi ambapo wizara ilikuwa inaweka mambo yake ya mawasiliano. Masanduku kama 300 ya Kenya, mafaili kama 1,500, yaani yale yale. Na si ya Kenya tu. Ikaja kujulikana kwamba yamekaa pamoja na mengine, jumla kama 8,800, kutoka kwa waliokuwa makoloni na himaya 37. Bungeni walitangaziwa mwezi wa nne 2011, siku chache kabla jaji hajaanza kusikiliza ile hoja ya kwanza.

Kilichonifurahisha mimi, kama karani, ni ile sababu waliyoitoa. Wizara ilimpa balozi mstaafu, Anthony Cary, kazi ya kuchunguza ilikuwaje, na ripoti yake inasomeka kama hadithi ya ofisi yoyote ile ya serikali unayoijua. Kwa miaka mingi kulikuwa na mawazo kwamba haya mafaili si yao hasa, ni ya zile serikali za kikoloni zilizokufa, wao wamewekewa tu. Hayakuwa kwenye rejista zao za kawaida. Kwa hiyo maombi yakija, mtu anaangalia rejista, hayaoni, anajibu hakuna. Lakini wapo wengine ndani ya ofisi hiyo hiyo waliojua vizuri sana yako wapi na ni ya nini. Cary hakuwafichia, alionyesha kwamba haikuwa bahati mbaya tupu.

Kisheria "si yangu, nimewekewa tu" haiendi popote. Swali linaloulizwa ni kama hati iko mikononi mwako, au una haki ya kuichukua, au una haki ya kuiangalia na kutoa nakala. Mwenyewe wa asili haulizwi. Nimeona mchezo huu mara nyingi hapa kwetu, kampuni inasema vitabu viko kwa mhasibu wa nje, au viko kwa kampuni mama, au vilibaki kwa meneja aliyefukuzwa. Mhasibu wa nje unamlipa wewe, ukimpigia simu leo kesho ataleta. Basi viko mikononi mwako.

Ndani ya yale masanduku kulikuwa na nini? Yapo mengi ya kuchosha, ndivyo mafaili yalivyo. Lakini ilipatikana barua ya 1957 ya mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, kwa gavana Baring, kuhusu jinsi ya kupiga wafungwa kambini na kubaki ndani ya sheria, ambamo anasema kama ni lazima tutende dhambi basi tuitende kimyakimya. Huyu ndiye mkubwa wa sheria wa serikali anaandika hivyo, kwa barua, kwa karatasi yenye nembo. Mimi kila nikiisoma najiuliza kwa nini aliiandika, si angemwambia kwenye chai. Ila hivyo ndivyo ofisi zilivyo, mtu anaandika ili naye awe na cha kujikinga, na karatasi ya kujikinga ndiyo hiyo inakuja kumfunga.

Yakatoka pia maagizo ya jinsi ya kuficha. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, alikuwa ameelekeza kwamba serikali zinazopata uhuru zisiachiwe karatasi ambazo zingeiaibisha serikali ya malkia, au polisi, au wanajeshi, au wapashaji habari. Hapa Kenya mafaili yakagawanywa mafungu mawili, ya "Legacy" ambayo Waafrika wangerithi, na ya "Watch" ambayo hayakupaswa kuguswa na afisa yeyote isipokuwa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Na hapa ndipo nilipoweka simu chini nikacheka peke yangu, faili la "Watch" likitolewa katikati ya mengine, shimo lisionekane, inatengenezwa faili pacha ya kuwekwa pale pale. Walijua kabisa kwamba shimo linasema. Vingine viliamriwa vichomwe mpaka majivu, na ruhusa ilikuwepo ya kuzamisha vingine kwenye bahari yenye kina kirefu, isiyo na mkondo, mbali na pwani, ndani ya masanduku yenye uzito. Na ukichoma, utie sahihi cheti cha kuchoma, utume London! Kwa hiyo hata moto uliacha karatasi nyuma yake.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza nikisimulia hii kesi, haya, walikamatwa na masanduku, walifanywa nini?

Wengi wanategemea pingu. Hakuna aliyefungwa. Korti ina vifaa vyake na vinakwenda kwa ngazi. Kwanza amri ya kawaida, toa hati hizi ndani ya siku kadhaa. Ukikaidi inakuja ile amri ya pili yenye "usipo", usipotoa kufikia saa kumi jioni Ijumaa fulani utetezi wako unafutwa, na hiyo ikipita hakuna tena kubembeleza, unasimama kama mtu ambaye hakujibu kesi. Kuna gharama, unalipa wakili wa mwenzako kwa kumzungusha. Kuna ile ya kudharau korti kwa aliyetia sahihi ya uongo. Wizara haikufika huko kwa sababu makaratasi yalitoka kabla kesi yenyewe haijaanza kusikizwa. Waliponea hapo, tena chupuchupu.

Kifaa kinachotumika zaidi kuliko vyote hivyo hakina kelele, ni jaji kukuwazia mabaya. Kesi yake ya zamani ni ya London 1722. Kijana fukara anayefagia masizi ndani ya dohani za watu aliokota pambo la kito, akalipeleka kwa sonara apimiwe bei. Kijana wa dukani akajifanya analipima, akang'oa mawe, wakamwambia tutakupa nusu peni tatu. Kijana akakataa, akadai chake, akarudishiwa kile kichuma kitupu bila mawe. Kortini, thamani ya mawe itajulikanaje na mawe hayaonekani? Jaji akawaambia wazee wa baraza kwamba kama sonara halileti jiwe hapa mezani, basi wachukulie lilikuwa jiwe bora kabisa linaloweza kukaa kwenye pambo lile, wampigie hesabu hiyo. Mimi naona ni akili ya nyumbani tu, mtoto unamwambia fungua mkono, hafungui, hujaona sukari lakini umeshajua.

Korti zetu zinaitumia kanuni hiyo hiyo mpaka leo, kwamba aliye na hati na asiilete, korti inaweza kuchukulia kwamba ingeletwa ingemwumiza. *Inaweza*, siyo lazima, na hapo mawakili wachanga hujikwaa. Lazima kwanza uoneshe hati ilikuwepo, ilikuwa kwake, aliombwa, na hana sababu ya maana. Ikiwa wewe hujatoa chochote upande wako, hata neno la shahidi mmoja, jaji hatakujengea nyumba nzima juu ya kitu ambacho hakipo. Kuwaziwa mabaya kunajaza pengo lakini msingi unauleta mwenyewe.

Rudi kwa wazee. Kwenye kesi yao kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko adhabu. Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuwatupia kesi nje, akasema kuna hoja ya kusikilizwa. Ikabaki ile kinga ya pili, ya muda. Julai 2012 wakarudi kortini, wazee watatu wakahojiwa wenyewe kizimbani, na wakili wa wizara hakubisha tena kwamba waliteswa, alikubali, akasema tu imechelewa mno. Sheria ya kule inamruhusu jaji kulegeza muda, na swali kubwa analojiuliza ni kama ushahidi uliobaki bado una nguvu ya kutosha watu wote wapate kesi ya haki.

Unaona sasa mtego ulivyojifunga. Wizara inasema mashahidi wamekufa, tutajua vipi nani aliamuru nini. Na mezani kuna masanduku ya maandishi ya hao hao waliokufa, barua zao, kumbukumbu za vikao vyao, nani alimwambia nani na tarehe gani. Tarehe 5 Oktoba 2012 McCombe akaamua kesi ziendelee, na moja ya sababu zake ilikuwa hiyo, kwamba serikali na wakuu wa jeshi wa wakati ule walikuwa watunzaji wazuri wa kumbukumbu, maandishi ni mengi, kesi ya haki bado inawezekana. Karatasi zilizofichwa nusu karne zilikuwa zimekaa zikihifadhi ushahidi kwa niaba ya waliofichwa. Zingekuwa ziliachwa Nairobi 1963, nani ajuaye, zingeliwa na mchwa.

Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni akatangaza kusuluhisha, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za mawakili zikiwa humo, pamoja na mnara wa kumbukumbu ambao ulizinduliwa Uhuru Park Septemba 2015. Alisema serikali yake inasikitika, na wakati huo huo akasema haikubali kwamba inawajibika kisheria. Ukigawanya ile hela kwa vichwa unaona si utajiri. Mimi sina la kuongeza hapo.

Ila nisiwadanganye kwamba makaratasi yanamaliza kila kitu. Baada ya hiyo wakaja wengine zaidi ya 40,000 na kesi yao kubwa kule kule London, mafaili ya Hanslope yakiwa yameshafunguliwa kwa umma kule Kew, kila mtu anaweza kuyasoma. Mwaka 2018 Jaji Stewart akaikataa, muda umepita mno, haiwezekani tena kesi ya haki. Wengi walishangaa, wakasema si makaratasi ni yale yale. Mimi nilivyoelewa, faili la gavana linakuonyesha mfumo, nani aliamuru kipigo kambini, lakini halikuonyeshi kijijini kwenu jioni ile askari yupi alimpiga mama yako. Kwa mtu mmoja mmoja karatasi haikuandikwa kabisa, na kile ambacho hakikuandikwa hakuna amri ya korti inayoweza kukitoa. Wengine pia walikuja wakiwa wamechelewa zaidi na wakumbukaji wakiwa wachache zaidi. Hukumu ile mimi siipendi, lakini hoja yake naielewa.

Basi Jumatatu nikarudi ofisini na daftari la kijani. Wakili aliniuliza swali moja, "Mkia wake uko wapi?" Nikamwita mzee tukakaa naye mchana mzima, si kumuuliza habari ya ovataimu bali ya daftari. Nani alikuwa analifungua asubuhi? Askari wa geti. Likijaa linapelekwa wapi? Kwa ofisi ya mishahara, juu ghorofani. Mwisho wa mwezi je? Karani wa mishahara analipitia anaandika siku za kila mtu kwenye fomu, na mwenye siku zilizopungua anaitwa kuulizwa. Mzee mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo, akapewa barua ya onyo kwa kuchelewa, na barua alikuwa nayo, kwa bahati nzuri, imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya mke wake. Ilisema, "kwa mujibu wa daftari la getini, tarehe 14 uliingia saa moja na dakika ishirini."

Nilitaka kulia kwa furaha, kusema kweli. Kampuni isiyo na daftari la namna hiyo ilikuwa imemwandikia mzee onyo kwa kunukuu daftari la namna hiyo, na dakika imezitaja.

Tukapeleka notisi rasmi ya kutoa hati, safari hii hatukusema "rekodi zote". Tulisema daftari la getini lenye jalada la kijani, la miezi fulani, linalotajwa kwenye barua yenu ya tarehe fulani, nakala tumeiambatanisha. Notisi hiyo ina kazi mbili chini ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya. Asipoleta asili, wewe unaruhusiwa kuleta ushahidi wa daraja la pili, nakala au picha ya simu au mtu aliyeiona akieleza kilichokuwemo. Na yeye aliyekataa hawezi kuja kesho yake, akiona mambo yamemwendea vibaya, akachomoa ile asili na kuitumia, mpaka wewe ukubali au korti imruhusu. Juu ya hapo kwenye kesi za kazi kuna kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi au yale maelezo ya ajira anayotakiwa kuyaandika, saa za kazi zikiwemo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo "hatuna" kwa mwajiri ni neno la gharama, kuliko anavyodhani anapolitamka.

Siku tatu kabla ya kesi kusikizwa wakatupigia simu. Si wakili mkubwa, karani mwenzangu wa upande wa pili, tunajuana, huwa tunakutana kwa foleni ya kupeleka makaratasi Milimani. Akaniambia kwa sauti ya chini ati kuna vitabu vimepatikana stoo, vilikuwa nyuma ya matairi. Vingapi? Kumi na moja. Akaniuliza tunataka nakala au tunakuja kuviangalia huko huko.

Nikamwambia tunakuja, na mzee tunakuja naye. Alipofunuliwa kile cha kwanza hakuangalia saa wala tarehe, aliweka kidole kwenye jina lake, akalifuata chini ukurasa mzima, akafungua mwingine.